Kampuni Ikifilisika, Mshahara Hulipwa wa Ngapi?

Kampuni ikifungwa milango, wafanyakazi hupeana moyo kwamba sheria inawalipa wao kwanza. Hilo ni kweli nusu. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inawaweka mbele ya wauzaji waliokopesha bidhaa, na mbele ya Mamlaka ya Mapato pia. Lakini haiwaweki mbele ya kila mtu, wala haiitangulizi kila shilingi wanayodai. Duka kubwa la Nakumatt lilipowekwa mikononi mwa msimamizi Januari 2018, na wadai wake wakapiga kura Januari 2020 livunjwe kabisa, waliokuwa wakidai walikuwa mabenki, wenye majengo, wauzaji na wafanyakazi. Wote walikuwa na madai halali. Kilichowatofautisha ni nani alikuwa ameshika nini.

Tuchukue kiwanda cha kubuni cha biskuti jijini Nairobi. Kinadaiwa na benki shilingi milioni 80. Wauzaji wa unga, sukari na karatasi za kufungia wanadai milioni 29 na ushei. Mamlaka ya Mapato inadai milioni 3 za kodi iliyokatwa kwenye mishahara na haikufikishwa. Wafanyakazi 40 wa mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, pamoja na meneja mmoja wa 120,000, hawajalipwa kwa miezi sita.

Benki ina dhamana za aina mbili, na hapo ndipo pesa zinapogawanyika. Ya kwanza ni rehani ya kiwanja na jengo: mali mahususi, yenye hati, ambayo kampuni haiwezi kuiuza bila benki kukubali. Ya pili huitwa dhamana inayoelea. Hii hukamata shehena ya biskuti, malighafi na madeni ya wateja, yaani mali inayoingia na kutoka kila siku, huku kampuni ikiachwa iendelee kuiuza kama kawaida. Anayesoma kwenye gazeti kwamba benki “ina dhamana” hana budi kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Jengo linauzwa, na baada ya gharama za mauzo zinabaki milioni 60. Zote ni za benki. Mfilisi hawezi kuchota humo kuwalipa wafanyakazi, hata wangekuwa hawajala siku tatu, kwa sababu mali yenye rehani ya namna hiyo haimo kabisa katika fungu la kugawana. Ingeuzwa kwa milioni 90, kile kinachozidi milioni 80 tu ndicho kingerudi kwa wengine.

Benki bado inadai milioni 20. Shehena na madeni ya wateja yanaleta milioni 22, na mtu angedhani benki itajilipa hapo pia na kuondoka. Haiwi hivyo. Katika mali iliyokamatwa na dhamana inayoelea, sheria inaingiza watu wengine mbele ya benki.

Anayetangulia ni mfilisi mwenyewe: ujira wake, gharama za kukusanya na kuuza mali, pamoja na gharama za aliyeomba kampuni ifilisiwe. Watu hulalamikia jambo hili, nami nawaelewa, ila bila malipo hayo hakuna mtu angekubali kwenda kufukuzana na wadaiwa wa kiwanda kilichokufa. Tuseme zinakwenda milioni 6. Zinabaki 16.

Hapo ndipo wafanyakazi wanafikiwa. Wanaotangulizwa ni mishahara ya kazi iliyofanywa ndani ya miezi minne kabla ufilisi haujaanza, malipo ya likizo, fidia ya kupunguzwa kazini, na makato ambayo mwajiri aliyatoa mishaharani bila kuyapeleka yalikotakiwa, kama vile ya sacco. Juu yake kuna kikomo cha shilingi 200,000 kwa mfanyakazi mmoja. Tuiache likizo na fidia tuhesabu mshahara mtupu. Mfanyakazi wa 30,000 anadai 180,000, lakini miezi minne ni 120,000, na hizo anapata zote. Meneja anadai 720,000. Miezi minne yake ni 480,000, ila kikomo kinamshika kwenye 200,000. Jumla yao ni milioni 5, na zinabaki 11. Mamlaka ya Mapato inafuata na kuchukua milioni 3 zake. Zinabaki 8.

Sasa benki ingefikiwa, lakini kuna fungu moja zaidi. Asilimia 20 ya kilichobaki chini ya dhamana inayoelea hutengwa kwa ajili ya wadai wasio na dhamana. Hapa ni milioni 1.6. Benki inachukua 6.4 na kuishia na milioni 66.4 kati ya 80. Upungufu wake hauruhusiwi kula katika fungu lililotengwa maadamu wasio na dhamana hawajamaliziwa.

Fungu hilo linagombewa na wauzaji, na pia na wafanyakazi kwa ile sehemu ya mshahara iliyokosa kutangulizwa: 60,000 kwa kila mmoja wa wale 40, na 520,000 za meneja. Madai yote humo ni milioni 32, na hakuna wa kutangulia mwenzake. Kila mmoja anapata kwa uwiano, yaani senti 5 kwa kila shilingi. Muuzaji wa unga aliyedai milioni 1 anaondoka na 50,000. Mfanyakazi anaongezewa 3,000 na kufikisha 123,000 kati ya 180,000. Meneja anafikisha 226,000 kati ya 720,000. Wenye hisa hawapati kitu.

Hesabu hii inategemea benki kuwa na mali mbili za aina tofauti. Kama kiwanda kingekuwa kimepanga jengo, na shehena ikawa imeisha, wafanyakazi wangebaki na haki kamili ya kutangulizwa mbele ya mfuko mtupu.

Mtego mwingine uko kwenye ile miezi minne, nao ndio unaowaumiza watu wavumilivu. Inahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ufilisi unapoanza, si kutoka siku kiwanda kilipofungwa. Kikifungwa mwezi wa Machi na ufilisi ukaanza Agosti, ndani ya miezi minne iliyotangulia hakuna kazi iliyofanywa, na malimbikizo yote ya mshahara yanateremka kwa wale wa senti 5. Wafanyakazi wanaoahidiwa kila wiki kwamba mwekezaji anakuja wana sababu ya kumwona wakili mapema.

Kwa muuzaji, cha kutazama kinapatikana kabla ya kutoa bidhaa kwa mkopo. Msajili wa Makampuni hutoa hati ya taarifa za kampuni iitwayo CR12, na rehani za ardhi zimo katika masjala ya ardhi. Dhamana za mali inayohamishika, tangu sheria ya mwaka 2017, zina rejista yake ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua. Akikuta benki imeshika kila kitu, anaweza kuomba alipwe taslimu, au apunguze mkopo hadi kiasi ambacho akikipoteza duka lake halitayumba.

Ufilisi ukishaanza, kila mdai hujaza fomu ya madai kwa mfilisi na kuambatisha ushahidi. Kwa mfanyakazi ni barua ya ajira, hati za malipo ya mshahara, taarifa za benki zinazoonyesha mwezi mshahara ulipokatika, na taarifa ya sacco ikionyesha makato yasiyofika. Dai la mshahara liandikwe mwezi kwa mwezi. Jumla tupu ya “malimbikizo” haimwonyeshi mfilisi ni shilingi zipi zimo ndani ya miezi minne, na asipoonyeshwa ana haki ya kulikataa dai au sehemu yake.