Kipande cha Bango Mlangoni kwa Kinyozi

Kinyozi wa mtaani kwetu ana mlango wa kioo unaotazama magharibi, na kwa ndani ya kioo hicho amebandika kipande cha bango. Zamani lilikuwa bango zima. Siku kioo kilipobadilishwa likachanika, sehemu ya juu ikaenda na vigae, kikabaki kipande cha ukubwa wa sahani ya wali. Hakina kichwa wala miguu. Kilichobaki ni bega moja, mkono mmoja hadi kwenye vidole, sehemu ya kifua, na kitu cha duara mgongoni chenye mpira mrefu unaozunguka kuja mbele.

Jumamosi moja nilimpeleka mpwa wangu kunyoa, tukakuta foleni. Watoto watatu waliokuwa kwenye benchi walikuwa wakibishana kuhusu kipande hicho. Mmoja alisema ni Mario wa gemu. Mwingine alisema ni yule mtu anayepita kupuliza dawa ya mbu, kwani huoni bomba la mgongoni? Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, wewe unachora. Ni nani huyu?"

Kweli nachora, hasa kuta za shule za chekechea, na kazi hiyo imenifundisha kumtambua mhusika hata kwa kipande tu. Mwalimu anakuletea picha iliyokatwa kwenye boksi la biskuti, nusu imelowa, anataka mtu huyohuyo ukutani. Ukikosea, watoto watakwambia siku ya kwanza.

Mimi huanza na umbo, kwa sababu umbo halipauki. Wachora katuni wana jaribio lao la siku nyingi: mjaze mhusika rangi nyeusi tupu, kama kivuli ukutani, kisha uulize kama bado anajulikana. Mickey Mouse anajulikana kwa masikio mawili ya duara, na wachoraji wake huyaacha yawe duara kamili hata kichwa kikigeuka upande, jambo ambalo sikio la kweli haliwezi. Bart Simpson anajulikana kwa nywele zilizochongoka kama meno ya msumeno. Matt Groening, aliyewabuni akina Simpson, amesema wazi kwamba alitaka kila mmoja wao atambulike kwa kivuli peke yake.

Shida ya kipande ni kwamba mara nyingi alama hizo kubwa ndizo zilizokatwa. Hapo usitafute umbo zima. Tafuta uwiano: kitu gani ni kikubwa kuliko kawaida, kipi ni chembamba, kipi kinaanzia wapi. Nikasogea kwenye kioo. Mkono wa shati ulikuwa mrefu na mwembamba, ukaishia kwenye glavu nyeupe iliyovimba, karibu upana wa bega lenyewe. Begani ulipita mkanda wa ovaroli ulioshikwa kifuani na kifungo kikubwa cha duara.

Glavu nene, mkanda na kifungo kikubwa: hii ni familia ya Mario, na mtoto wa kwanza hakuwa mbali. Shigeru Miyamoto alimchora Mario kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong iliyotoka mwaka 1981, na skrini ya wakati ule ilimpa eneo la nukta 16 kwa 16 tu. Huwezi kuchora nywele zinazopepea kwa nukta hizo, kwa hiyo akamvika kofia. Mdomo usingeonekana, kwa hiyo akamwekea masharubu chini ya pua kubwa. Na ili mikono ionekane ikienda mbele na nyuma anapokimbia, alimvalisha ovaroli ya rangi tofauti na shati. Kwa hiyo hata kichwa kikikatika, mpaka kati ya shati na mkanda unaendelea kufanya kazi iliyopangiwa tangu mwanzo.

Lakini familia hiyo ina wanaume wanne wanaovaa namna hiyo. Yupo Mario, shati jekundu na ovaroli ya buluu. Yupo mdogo wake Luigi, shati la kijani na ovaroli ya buluu. Yupo Wario, aliyeingia mwaka 1992, shati la njano na ovaroli ya zambarau. Na yupo Waluigi, wa mwaka 2000, shati la zambarau na ovaroli nyeusi au inayokaribia nyeusi. Wario nilimtoa mapema kwa umbo: yeye ni pande la mtu na mkono wake ni mnene kama gogo, huu ulikuwa wa mtu mwembamba. Wakabaki watatu, na hapo ikabidi niulize rangi.

Na rangi ndiyo inayodanganya. Shati kwenye kipande kile lilikuwa la buluu isiyokolea, ovaroli buluu nzito. Hakuna kati ya wale watatu anayevaa shati la buluu! Mtu mwenye haraka angesema basi si wao, akaishia kwa mpuliza dawa.

Mabango mengi huchapwa kwa wino wa rangi nne: samawati ambayo wachapaji huiita sayani, waridi iliyokolea wanayoiita majenta, njano, na nyeusi. Rangi nyingine zote hutokana na kuchanganya hizo. Jua likipiga bango miezi na miezi, wino haufi kwa pamoja. Njano na majenta hutangulia, samawati na nyeusi hubaki. Ndiyo maana picha za mitindo ya nywele kwenye saluni, zile za miaka mingi, zimegeuka buluu zote, na nyuso za watu zinaonekana kama za wagonjwa.

Ukilijua hilo, unaweza kurudi nyuma. Nyekundu ni majenta na njano, haina samawati ya maana. Ikipigwa jua inafifia kuelekea waridi hafifu na mwishowe karibu nyeupe, haiwezi kuacha buluu. Kwa hiyo shati hili halikuwahi kuwa jekundu, na Mario wa kawaida akaanguka hapo. Kijani ni samawati na njano. Njano ikiondoka, inabaki buluu. Zambarau ni samawati na majenta. Majenta ikiondoka, inabaki buluu vilevile. Luigi na Waluigi, wakikaa juani muda wa kutosha, wanaishia na shati moja.

Aliyenisaidia kuwatenganisha ni ovaroli. Wino mweusi haukimbii jua, na ovaroli ya Waluigi ingebaki nyeusi au kijivu kizito. Hii ilikuwa buluu safi. Nikatazama tena glavu: Wario na Waluigi huwa na alama mgongoni mwa glavu, Wario herufi W na Waluigi herufi L iliyopinduliwa. Glavu hii haikuwa na alama yoyote. Peke yake lisingetosha, maana alama ndogo kama hiyo inaweza kufutika, lakini lilikuwa upande uleule wa ovaroli.

Kuna mtego mwingine wa rangi ambao umewahi kunipata ukutani. Rangi za mhusika hubadilika kwa miaka na kwa hali. Mario wa Donkey Kong mwaka 1981 alivaa kinyume cha leo: ovaroli nyekundu na shati la buluu. Na akiokota ua la moto, shati na kofia vinageuka vyeupe, ovaroli inakuwa nyekundu. Niliwahi kusahihisha picha ya namna hiyo nikidhani imepauka, nikampaka mtu shati jekundu na ovaroli ya buluu, na mwalimu akaniuliza ua mkononi ni la nini. Nilikuwa nimelichora ua bila kulisoma.

Tukaja kwenye kitu cha mgongoni. Mtoto wa pili alikuwa na hoja ya kweli: ukitazama tu duara na mpira, unaona bomba la kupulizia dawa. Lakini kitu anachobeba mhusika kisomwe kwa matumizi, na matumizi huonekana kwenye ncha. Bomba la dawa linaishia kwenye kifimbo chembamba. Mpira huu ulipanuka mwishoni ukawa mdomo mpana kama tarumbeta. Kitu chenye mdomo mpana hivyo hakipulizi dawa, kinavuta. Ni mashine ya kufyonza vumbi, na Luigi ndiye anayeibeba mgongoni katika gemu ya Luigi's Mansion ya mwaka 2001, akifyonza mizimu kwenye jumba la watu waliokwisha kuhama duniani. Gemu hiyo imepata ndugu zake wawili, 2013 na 2019, na zote tatu mashine iko mgongoni.

Hata hapo sikuharakisha, kwa sababu vitu huazimwa. Mario naye ana gemu ya mwaka 2002, Super Mario Sunshine, ambamo amebeba mtungi mgongoni, unaorusha maji. Bega lenye kitu cha duara nyuma yake linaweza kuwa la yeyote kati yao. Lakini mtungi wa Mario hauna mpira mrefu wa kushikwa mkononi, na katika gemu hiyo ya kisiwani amevaa shati la mikono mifupi. Mkono wetu ulifunikwa hadi kwenye glavu.

Nikawaambia watoto: "Huyu ni Luigi, na shati lake ni la kijani." Wa kwanza alikataa katakata. Macho yake yaliona buluu, na haikuwa haki kumwambia asiyaamini bila kumwonyesha kitu.

Nilimwomba kinyozi ruhusa. Kona ya juu ya kipande ilishikwa kwenye kioo kwa selotepu pana ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, aliyoibandika tangu siku ya kwanza kwa upande wa kioo, nayo ilikata juu ya bega. Selotepu ya namna hiyo haipitishi jua vizuri. Alichukua wembe mpya, akaingiza ncha chini yake, akaivuta taratibu isije ikaondoka na karatasi.

Chini yake palikuwa na mstari wa upana wa vidole viwili, wa kijani kibichi kama jani la mgomba, ukikoma palepale selotepu ilipokuwa inakoma. Yule mtoto akashuka kwenye benchi, akaweka kidole juu ya kijani, akakisogeza hadi kwenye buluu, akakirudisha. Kisha akamwomba kinyozi asiirudishe selotepu mpaka kaka yake aje aone.