Karafuu Moja kwa Muhuri na kwa Bango

Picha ya nembo yenye upana wa pikseli 600 inatosha kabisa kwa muhuri wa sentimita 3. Itanue ifike mita 3 kwenye bango, na kila pikseli itakuwa mraba wa milimita 5, kiasi kwamba mpita njia anayeinua macho ataona ukingo wa kila mstari umekatika ngazi ngazi. Mchoro wa vekta hauna miraba hiyo. Ndani ya faili kuna vituo vinavyoitwa nodi, na hesabu inayoeleza mstari upinde vipi kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hesabu hiyo inabeba jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia miaka ya 1960 kusanifu bodi za magari. Ukikuza mchoro, kompyuta inapiga hesabu upya, na ukingo unabaki laini.

Tuseme kikundi cha wauza karafuu Pemba kimechora nembo yake kwa penseli: kikonyo, ncha nne, na kichwa cha mviringo juu yake. Mchoro huo usiuskani bado. Penseli huacha mistari mitatu minne mahali panapotakiwa mmoja, na mwenye kujua upi ni upi ni mchoraji peke yake. Weka karatasi nyepesi juu yake, upitishe kalamu ya wino mweusi, kisha ndipo uskani kwa nukta 300 kwa inchi. Ukipiga kwa simu, ishike sambamba na karatasi, la sivyo duara litatoka na umbo la yai.

Programu ya Inkscape hupatikana bure, na ina njia ya mkato: Path > Trace Bitmap. Amri hiyo hupima weusi wa picha, na kila kilichozidi kiwango ulichoweka hugeuzwa umbo. Kazi inaisha kwa sekunde chache, lakini bonyeza herufi N utazame kilichotoka. Nodi zimejaa ukingoni kama siafu, kwa sababu kompyuta imefuata kila mtetemo wa mkono na kila chembe ya wino iliyosambaa. Amri ya Path > Simplify huzipunguza, ila hula pia ncha kali za karafuu na kuziacha butu. Kwa maandishi ya brashi, ambayo mikwaruzo yake ndiyo uzuri wake, njia hii inafaa. Kwa nembo, mimi nashauri ufuatishe kwa mkono.

Weka picha kwenye tabaka lake, ififishe, uifunge isisogee. Fungua tabaka jipya juu yake na ubonyeze B kupata kalamu. Kichwa cha karafuu kinataka nodi nne tu: juu kabisa, chini kabisa, kushoto na kulia, pale mkunjo unapogeuza mwelekeo. Kila nodi hutoa mikono miwili ya kuvutia mkunjo. Shikilia Ctrl ili mikono hiyo ikae wima au mlalo barabara. Ukiona mkunjo una kinundu, mara nyingi pana nodi ya ziada. Ifute, kisha urekebishe mikono ya jirani zake. Kikonyo kikiwa kimeinama kidogo kwenye mchoro wa asili, kiache hivyo hivyo, maana hapo ndipo mkono wa mchoraji unapoonekana.

Mistari ikikamilika, igeuze kuwa maumbo kwa Path > Stroke to Path. Usipofanya hivyo, huenda umbo likakuzwa huku unene wa mstari ukibaki uleule, nembo ikafika kwenye bango imekonda.

Sasa piga hesabu ya muhuri. Ukichora kwa upana wa milimita 100 kisha muhuri uwe wa milimita 25, kila kitu kinakuwa robo. Mwanya wa milimita 1 kati ya ncha mbili unabaki robo milimita, na wino wa muhuri utauziba. Vekta haiwezi kuzuia hilo. Kwa hiyo tengeneza toleo la pili kwa ajili ya muhuri: panua mianya, nenepesha mistari, ondoa mishipa ya ndani ya kikonyo. Lichapishe kwenye karatasi kwa ukubwa halisi kabla hujampelekea fundi wa mihuri. Bango la mita 2.5 litumie toleo la kwanza, ambalo mstari wake wa milimita 1 utakuwa wa milimita 25.

Ukimlipa mtu akufanyie kazi hii, dai faili la SVG pamoja na PDF, kisha lifungue PDF hilo na ukuze ukingo mmoja hadi mwisho. Ukiona miraba, ulichopewa ni picha iliyofungashwa ndani ya PDF. Mrudishie afuatishe mchoro.