Logo Yako Iko Kona ya Chini? Basi Umemrahisishia Mwizi Kazi

Umeposti vidio ya nganya mpya ikipita Tom Mboya jioni, taa zote zimewaka, wasee wanapiga mluzi. Kesho yake unaiona kwa peji ya msee mwingine, imepata mafolowa kushinda wewe, na jina lako halionekani popote. Hiyo stori ilinipata mwaka jana. Chenye kiliniuma zaidi ni kwamba logo nilikuwa nimeweka. Ilikuwa kona ya chini kulia, ndogo, safi kabisa. Jamaa aliikata tu.

Cheki hesabu. Vidio ya simu ukiishika wima huwa pikseli 1080 kwa 1920. Mwizi akitaka kuifanya mraba, anabaki na 1080 kwa 1080 ya katikati. Pikseli 420 za juu zinaenda, 420 za chini zinaenda. Kila kitu ulichoweka kona kinaenda nazo, na hata hajatoa jasho.

Kwa hivyo logo inafaa ikae theluthi ya katikati, karibu na kitu watu wamekuja kuona, lakini isikikalie. Kwa ile vidio ya nganya, ningeiweka upande wa kushoto, kando ya grafiti. Ukikata hapo unakata gari. Ukiweka blaa hapo, vidio inakaa ni kama imepakwa mafuta ya chipo. Upande wa kulia chini achana nao, vitufe vya TikTok vya kulaiki na komenti vimejaa huko.

Sasa utaniuliza, si itasumbua macho? Itasumbua kama ni kubwa na imekolea. Upana wake uwe kama pikseli 160, hiyo ni karibu sehemu moja ya saba ya skrini. Kwa CapCut ingia Overlay, halafu Add overlay, chagua logo yako, kisha shusha Opacity hadi kati ya 30 na 40. Jicho linaizoea baada ya sekunde kadhaa, lakini mtu akitafuta ni nani alishuti, anaipata.

Hapo kuna mitego miwili imeshika wengi. Ya kwanza, logo iwe faili ya PNG isiyo na bakgraundi. JPG itakuja na kiboksi cheupe nyuma yake, na usiku kiboksi hicho kinang'aa kushinda taa za gari. Ya pili, CapCut ikiweka picha huipa sekunde 3 peke yake. Usipoivuta hadi mwisho wa vidio, logo inatoweka kabla nganya haijafika steji. Icheki vidio yote kabla ya kuposti, usiangalie mwanzo tu.

Rangi nayo ni nyeupe, na kivuli chembamba cheusi. Nyeupe pekee inamezwa na anga ya mchana, nyeusi pekee inamezwa na usiku. Na usiweke mchoro peke yake manze. Andika jina la akaunti vile mtu atalitafuta. Simba mzuri bila jina hamleti mtu kwako, lakini jina hata kwa peji ya mwizi linakuchapia tangazo la bure.

Ukitaka kumchokesha zaidi, gonga Split kwa logo katikati ya vidio, kisha kipande cha pili kipeleke upande wa kulia, juu kidogo ya vile vitufe. Blaa ya mwizi imekaa pahali pamoja, so itabidi aweke mbili. Kuhama mara moja inatosha. Logo inayozunguka skrini yote kama nzi itafukuza watazamaji wako kabla imfukuze mwizi.

Ukimaliza, jitumie hiyo vidio kwa WhatsApp, ifungue, usome jina. WhatsApp hubana vidio, na jina jembamba sana huwa ukungu. Kama huwezi kulisoma, nenesha herufi kwanza kabla ya kuongeza Opacity.

Kitu moja huchanganya wasee wa YouTube: ile Video watermark ya YouTube Studio, ya pikseli 150 kwa 150. Hiyo inaonyeshwa juu ya vidio wakati mtu anatazama huko YouTube, na kazi yake ni kukuletea masabskraiba. Haijachomwa ndani ya faili. Mtu akidaunlodi vidio, anaipata bila hiyo alama.

Mwizi mwenye muda bado ataitoa, hiyo siwezi kukudanganya. Ndio maana ile faili ya kwanza, isiyo na logo, usiifute kwa simu. Siku utaripoti vidio imeibwa, wewe ndiye utakuwa na ile ambayo haijakatwa, ikiwa na sekunde za mwanzo ambazo hukuwahi kuposti.