Ushuhuda Usio na Shahidi: Kuyapima Maandishi ya Mashine Yanayojifanya Mgonjwa au Mtaalamu

Katika matibabu, ushuhuda una uzito wa pekee. Mgonjwa anayesitasita kumeza dawa huweza kuyaamini maneno ya mtu aliyewahi kuugua ugonjwa uleule kuliko maelezo ya kitabu. Siku hizi ushuhuda kama huo unaweza kutungwa kwa dakika moja na programu ya akili mnemba, kisha ukasambazwa kwa simu, ilhali hakuna mtu aliyeugua wala muuguzi aliyehudumia. Makala haya yanatumia mfano wa kifua kikuu kueleza maandishi ya namna hiyo hukosa nini, na msomaji anaweza kuyapima vipi.

Programu hizi hujifunza lugha kwa kupitia maandishi mengi mno, kisha huandika kwa kukisia neno linalofaa kufuata baada ya maneno yaliyotangulia. Ikiagizwa iandike kama mgonjwa aliyepona, hutoa yale ambayo wagonjwa wengi wameandikiwa au wameyaandika: hofu, machozi, matumaini na shukrani. Haina mwili uliougua, wala kumbukumbu ya zahanati fulani, foleni fulani au siku fulani. Kwa hiyo lugha yake hutiririka vizuri, lakini kilichomo ndani yake kingeweza kusemwa na yeyote kuhusu ugonjwa wowote.

Tuchukue jumbe mbili tulizozitunga wenyewe kwa kufuata umbo la jumbe za aina hii. Zote mbili zimeandikwa kwa jina la mwanamke mmoja. Wa kwanza unasema: “Mimi ni mama wa watoto wawili wadogo. Januari 2023 nilikutwa na kifua kikuu. Ilikuwa safari ngumu iliyojaa machozi. Dawa za hospitali zilinidhoofisha, lakini nilipotumia unga wa mimea kwa miezi minne, vipimo vilionyesha nimepona kabisa.” Wa pili, uliosambazwa majuma kadhaa baadaye, unasema: “Nikiwa muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 15 na mama wa watoto watatu, nilipona kifua kikuu Machi 2023. Acheni vidonge, mwili hujiponya wenyewe.”

Jambo la kwanza la kutazama ni kile ambacho mtu aliyepitia matibabu hayo asingekosa kukijua. Matibabu ya kawaida ya mtu mzima ambaye vimelea vyake havijawa sugu huchukua miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza hupewa dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, na idadi ya vidonge kwa siku hutegemea uzito wake. Katika miezi 4 inayofuata hubaki na dawa mbili. Mojawapo, rifampisini, hugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa saa chache tu baada ya kumezwa. Mgonjwa ambaye hakuonywa mapema hushtuka, akadhani anakojoa damu. Mtu anayesimulia matibabu yake kwa kawaida hugusa mambo ya namna hii bila kuulizwa: rangi ya mkojo, mizani, kadi ya matibabu, ndugu aliyekuwa akimsimamia kumeza dawa. Jumbe zetu hazina hata moja kati ya hayo. Neno “zilinidhoofisha” lingefaa kwa dawa yoyote duniani.

Vivyo hivyo, mama wa watoto wadogo angekumbuka kwamba wanawe nao walichunguzwa. Mtu akigundulika kuwa na kifua kikuu cha mapafu, waliomo nyumbani mwake hufuatiliwa, na watoto walio chini ya miaka 5 ambao hawana ugonjwa huanzishiwa dawa za kinga. Ni vigumu kwa mama kuisahau hatua hiyo.

Jambo la pili ni madai ya utaalamu. Muuguzi wa kifua kikuu hasemi tu kwamba “vipimo vilionyesha”. Anajua kwamba kipimo cha vinasaba vya vimelea, kinachotumika sana kugundua ugonjwa, hakifai kuthibitisha uponyaji, kwa kuwa kinaweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Maendeleo ya matibabu hufuatiliwa kwa kuchunguza makohozi kwa hadubini au kwa kuotesha vimelea maabara. Anajua pia kwamba mgonjwa huanza kujisikia vizuri baada ya majuma machache ya dawa, ilhali vimelea vilivyolala vingali mwilini. Anayeacha dawa wakati huo hujiweka katika hatari ya kuugua tena, na pengine kwa vimelea vilivyozoea dawa. Hapo atahitaji dawa nyingine zenye madhara mazito zaidi. Muuguzi mwenye miaka 15 kazini asingeandika “acheni vidonge” bila kuligusa jambo hilo, hata kama angekuwa na nia ya kulipinga.

Jambo la tatu ni kulinganisha habari za maisha. Ndani ya ujumbe mmoja mfupi, programu za sasa aghalabu hazijipingi. Mpasuko huonekana katika jumbe zilizotungwa kwa nyakati mbalimbali, kwa sababu nyuma yake hakuna maisha ya mtu mmoja yanayozifunga pamoja. Watoto wawili wamekuwa watatu. Mgonjwa wa kawaida amegeuka muuguzi. Aliyegunduliwa Januari na kutumia unga kwa miezi minne hawezi kuwa amepona Machi ya mwaka uleule. Msomaji akiziweka jumbe hizo sambamba na kuandika tarehe kwenye karatasi, hitilafu hizo hujitokeza zenyewe.

Hata hivyo, dalili hizi zina mipaka. Mtu halisi huweza kukosea tarehe, na wagonjwa wengi huficha makusudi jina la kituo au habari za familia kwa kuogopa kunyanyapaliwa. Kwa upande mwingine, mtu mjanja anaweza kuiagiza programu itaje mkojo wa rangi ya machungwa, nayo ikautaja. Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine nazo si za kutegemewa. Kampuni ya OpenAI iliiondoa ya kwake mwaka 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, na mwaka huohuo watafiti walionyesha kwamba programu za aina hiyo ziliyahesabu kuwa ya mashine maandishi mengi ya watu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Zaidi ya hayo, binadamu naye huweza kutunga uongo bila msaada wa mashine.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, yupo mtu anayeweza kujibia maneno haya? Shahidi wa kweli akiulizwa alianza dawa mwezi gani, alimeza vidonge vingapi na nani alimsimamia, majibu yake huungana, hata akisahau baadhi. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi bila kujulikana ulikotoka hauna wa kuulizwa. Na hata shahidi akipatikana, ushuhuda wake unaeleza yaliyompata yeye peke yake. Anayemeza dawa za kifua kikuu na kupokea ujumbe wa kumtaka aziache, aende nao kituoni kwake, amwonyeshe muuguzi anayeijaza kadi yake, huku akiendelea kumeza dozi ya siku hiyo.