Hisa yenye misukosuko ikituliza mkoba

Mtu mwenye shilingi milioni 10 anataka kununua hisa za kampuni mbili, benki na kiwanda cha saruji. Bei ya hisa za benki hupanda na kushuka kwa kiasi. Za saruji huruka zaidi. Akiulizwa afanyeje ili mali yake iyumbe kidogo iwezekanavyo, wengi wangemjibu: weka zote benki. Hesabu inakataa.

Aliyeiweka hesabu hii wazi ni Mmarekani Harry Markowitz, katika makala aliyoichapisha mwaka 1952. Mwaka 1990 alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni kwamba hisa isipimwe peke yake, bali ipimwe pamoja na zile itakazokaa nazo.

Tuchukue tarakimu za mfano. Kuyumba hupimwa kwa mkengeuko sanifu, yaani faida ya mwaka hutoka umbali gani, kwa kawaida, juu au chini ya wastani wake. Kwa benki tuseme ni asilimia 20, kwa saruji 30. Kipimo cha tatu ndicho wengi hukisahau: hisa hizi mbili huenda pamoja kiasi gani? Kipimo cha uhusiano huanzia −1, pale zinapopishana kabisa, hadi 1, zinapofuatana hatua kwa hatua. Yetu iwe 0.2, maana yake zinafuatana kwa mbali tu.

Sasa tuzidishe kila mkengeuko kwa wenyewe ili tupate variansi: benki 20 × 20 = 400, saruji 30 × 30 = 900. Kovariansi, inayobeba ule uhusiano, ni 0.2 × 20 × 30 = 120.

Sehemu ya fedha itakayokwenda benki tuiite w. Inayobaki, 1 − w, ni ya saruji. Variansi ya mkoba mzima ni:

400w² + 900(1 − w)² + 2 × 120 × w(1 − w)

Ukifungua mabano na kukusanya, unabaki na:

1060w² − 1560w + 900

Aliyesoma sekondari ataitambua: ni mlinganyo wa kipeo cha pili, na grafu yake ina umbo la bakuli. Tunachotafuta ni kitako cha bakuli hilo. Kinapatikana kwa kugawa 1560 kwa mara mbili ya 1060, yaani 1560 ÷ 2120, jibu ni 0.736 hivi. Benki ipate takriban shilingi 7,360,000, saruji 2,640,000.

Ukirudisha 0.736 ndani ya mlinganyo, variansi inatoka karibu 326, na kipeuo chake cha pili ni 18.06. Mkoba unayumba kwa asilimia 18, ilhali benki peke yake ingeyumba kwa 20. Tumeongeza hisa yenye misukosuko mingi zaidi, na misukosuko ya mkoba imepungua, kwa kuwa si kila mara saruji inapoteleza benki huteleza nayo.

Kitako hicho, kwa bahati nzuri, ni kipana. Ukiweka asilimia 70 benki unapata 18.1, ukiweka 80, unapata 18.2. Anayegombana na dalali kwa ajili ya tarakimu ya tatu baada ya nukta anapoteza muda wake. Tena hesabu hii haisemi lolote kuhusu faida: kama saruji inatarajiwa kulipa vizuri zaidi, mtu anaweza kuamua kwa makusudi kuvumilia kuyumba zaidi.

Tubadilishe kitu kimoja. Uhusiano ukiwa 0.8, kovariansi inakuwa 480 na mlinganyo unakuwa 340w² − 840w + 900. Kitako kinahamia 840 ÷ 680, yaani 1.235. Benki inadai asilimia 123.5 ya fedha! Maana yake ni kukopa hisa za saruji, kuziuza, na kununua benki kwa mapato yake, jambo ambalo mwekezaji wa kawaida hana njia ya kulifanya. Kwake jibu ni kuweka zote benki. Mpaka ni 20 ÷ 30, takriban 0.67: uhusiano ukivuka hapo, saruji haipunguzi tena kuyumba kwa mkoba.

Kwa hiyo ule uhusiano ndio wa kuchungwa, nao hukadiriwa kutokana na bei zilizopita. Katika soko kama la Dar es Salaam zipo hisa zinazopitisha siku kadhaa bila kuuzwa. Bei yake inabaki ileile kwenye orodha, na kompyuta inasoma utulivu ambao haupo, pamoja na uhusiano unaokaribia sifuri. Mlinganyo utaimwagia hisa hiyo fedha nyingi. Kabla ya kupiga hesabu, hesabu siku ambazo bei haikusogea na uangalie kama kulikuwa na mauzo. Zikiwa nyingi, acha bei za kila siku utumie za mwisho wa mwezi, kisha uone w imehama kiasi gani.