Kulenga mahali ambapo meli bado haijafika

Jioni ya tarehe 31 Mei 1916, katika Bahari ya Kaskazini upande wa magharibi wa Denmaki, manowari ya Kiingereza Iron Duke iliiona manowari ya Kijerumani König ikitokeza kwenye ukungu. Ilikuwa yapata saa 12:30, na kati yao palikuwa na kilomita 11 na zaidi kidogo. Katika muda usiofika dakika tano Iron Duke ilifyatua makombora 43 kwa mikupuo tisa, na saba yakaipiga König. Saba kati ya 43 yanaweza kuonekana machache, lakini siku hiyo ya mapigano ya Jutland, kwa meli zote kubwa za pande zote mbili, makombora yaliyolenga shabaha yalikuwa takribani matatu tu kwa kila mia.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye muda. Kombora la mzinga wa Iron Duke, lenye kipenyo cha milimita 343 na uzito wa zaidi ya kilo 600, lilihitaji kama sekunde 20 kufika umbali ule. Meli inayokwenda maili 18 za baharini kwa saa husogea zaidi ya mita tisa kila sekunde. Kwa hiyo kombora likiwa bado angani, adui ameshasogea mita 185, nayo König ilikuwa na urefu wa mita 175. Mpigaji aliyelenga katikati ya meli aliyoiona angepiga maji matupu nyuma yake. Ilimlazimu alenge mahali ambapo meli ingekuwa, na ili apajue alihitaji mambo matatu: umbali wa sasa, jinsi umbali huo unavyobadilika, na kasi ya adui kwenda upande.

Umbali ulipimwa kwa kipimamasafa, bomba refu lenye kioo kila ncha. Kinafanya kazi kama macho yetu mawili: kila ncha inaiona meli kwa pembe tofauti kidogo, na tofauti hiyo hupungua kadiri meli inavyokuwa mbali. Kwenye vipimamasafa vya Waingereza mpimaji aliona taswira ya adui imekatwa vipande viwili, cha juu na cha chini. Alizungusha gurudumu dogo hadi milingoti ya vipande hivyo ikaungana, kisha akasoma umbali. Bomba lililotumika sana lilikuwa na urefu wa futi tisa, yaani mita 2.74. Kwa umbali wa mita 11,500, ncha mbili za bomba hilo zinaachana kwa pembe ndogo mno, kiasi kwamba kosa la sehemu moja kati ya 3,600 za digrii linapotosha umbali kwa zaidi ya mita 200. Na umbali ukiongezeka mara mbili, kosa huongezeka mara nne. Moshi, ukungu na mtikisiko wa meli vilizidisha taabu hiyo. Mchana wa siku ileile, vikosi vya meli za kasi vilipoanza kurushiana makombora saa 9:48, Waingereza walidhani adui yuko mbali kuliko alivyokuwa, na mikupuo yao ya kwanza ikapita juu ya Wajerumani na kuanguka mbali nyuma yao.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakikuaminiwa. Namba ziliteremshwa hadi chumba kilichokuwa chini kabisa ya meli, kwenye chuma kinene, ambako watu waliopigana vita hawakuiona bahari hata kidogo. Humo mlikuwa na meza ya Dreyer, mashine iliyobuniwa na ofisa Frederic Dreyer, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa nahodha wa Iron Duke. Karatasi ilisogea taratibu juu ya meza kufuata muda, na kila kipimo kilichofika kikawekwa alama. Alama hazikukaa kwenye mstari mmoja. Zilitawanyika juu na chini. Lakini macho yaliyozoea yaliweza kuona mwelekeo wa wingi wao, na mteremko wake ulionyesha umbali unapungua au kuongezeka kwa mita ngapi kila dakika.

Palikuwa na njia ya pili ya kupata jibu hilo, nayo ilisaidia kuhakiki ya kwanza. Chombo kilichoitwa Dumaresq, kwa jina la ofisa wa majini aliyekibuni, kiligawa mwendo wa adui sehemu mbili. Tuseme adui yuko ubavuni mwetu kabisa, anakwenda maili 18 kwa saa, na ameelekeza omo lake digrii 30 kutujia. Nusu ya kasi yake inapunguza umbali, yaani mita 278 kila dakika. Sehemu nyingine, maili 15 na nusu hivi, inampeleka pembeni, na hiyo ndiyo inayoamua mizinga itangulizwe kiasi gani mbele yake. Kisha saa maalumu iliendelea kupunguza umbali kwa kiwango hicho, hata moshi ulipomficha adui na vipimo vikakoma.

Jibu lilipelekwa juu, kwa mlengaji aliyekaa kwenye mlingoti, mbali na moshi wa mizinga. Darubini yake iliunganishwa kwa umeme na mishale iliyokuwa kwenye makuba yote matano ya mizinga. Wapigaji waliifuata mishale tu, naye akafyatua mizinga kwa pamoja meli ilipofika kiwango sahihi cha mlalo. Kwa kawaida mzinga mmoja wa kila kuba ulifyatuliwa huku wa pili ukijazwa. Hivyo mkupuo ulikuwa na makombora matano hivi.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, hesabu yote ilipopata uhai, kwa kuwa hakuna aliyetarajia mkupuo wa kwanza upige. Ulirushwa ili uulize swali. Makombora matano huanguka yametawanyika kidogo na kuinua nguzo za maji zinazoonekana kutoka mbali, ilhali nguzo moja peke yake haiaminiki. Mtazamaji alianza kwa kusahihisha kushoto na kulia, kwa sababu nguzo isiyosimama kwenye mstari wa adui haisemi lolote kuhusu umbali. Zikishakaa kwenye mstari, akaangalia: nguzo zikiifunika meli, zimeanguka kabla yake, meli ikionekana nyeusi mbele ya nguzo nyeupe, zimepita. Nyingine zikiwa mbele na nyingine nyuma, umbali umepatikana, na kasi ya kufyatua huongezwa. Meli mbili zikimpiga adui mmoja kwa wakati mmoja, kila moja hupoteza nguzo zake kwenye za mwenzake.

Bila mtazamaji, mizinga ni vipofu. Julai 1915, katika delta ya Rufiji, meli ndogo za Kiingereza ziliipiga Königsberg bila kuiona, kwa sababu mikoko iliificha. Ndege ndiyo iliyotazama kutoka juu na kutuma masahihisho kwa simu ya upepo.

Iron Duke ilikuwa na bahati ya mwanga jioni ile: König ilionekana wazi, na Wajerumani hawakuwaona vizuri waliowapiga. Lakini mashine zote zilitegemea jambo moja, kwamba adui atashika njia yake. Saa 12:33 hivi kamanda wa Wajerumani, Reinhard Scheer, aliamuru meli zake zigeuke, kila moja mahali ilipo. Mteremko wa alama kwenye karatasi ya Dreyer ukawa unaeleza safari ambayo haipo tena. Kupata mwingine kulihitaji dakika kadhaa za vipimo vipya, na kabla ya hapo König ilikuwa imeshaingia ukunguni.