Jibu Hili ni la Swali Gani? Nambari, Mishale na Pambizo katika Karatasi ya Fasihi

Makala haya yananuia kueleza jambo ambalo walimu wengi wa Kiswahili hulikabili kila muhula ilhali halitajwi katika mwongozo wa kusahihisha: namna ya kuamua jibu fulani ni la swali lipi iwapo mtahiniwa ameyajibu maswali shaghalabaghala, au ameendeleza jibu lake pambizoni na kuliunganisha kwa mshale. Mifano yetu inatokana na karatasi ya tatu ya Kiswahili, yaani 102/3, kama inavyotahiniwa katika mitihani ya mwigo kwenye shule za eneo la Ikonge, Kaunti ya Nyamira. Karatasi hiyo huiga ile ya KCSE. Mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Moja ni la lazima, na matatu huyachagua katika sehemu nyingine, bila kujibu mawili kutoka sehemu moja.

Uhuru huo wa kuchagua ndio chanzo cha vurugu. Mtahiniwa huanza na swali analolimudu, huacha nafasi ya kipengele kilichomshinda, kisha hurejea akikuta nafasi haitoshi. Hapo ndipo pambizo inapoingia. Shuleni, aghalabu walimu hugawana maswali, mmoja akisahihisha ushairi na mwingine tamthilia. Hata katika KCSE, usahihishaji umekuja kufuata mfumo wa mkanda, ambapo kila mtahini hushughulikia sehemu yake tu na kuipitisha karatasi kwa mwenzake. Kipande kilichopotea njia kinaweza kupita mbele ya macho ya watu wanne, kila mmoja akidhani ni cha mwingine.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kuipitia karatasi nzima kabla ya kutia alama yoyote, hadi ukurasa wa mwisho na nyuma yake. Msahihishaji wa kwanza aandike kwa penseli, kwenye ukurasa wa mbele, mahali kila swali linapopatikana: swali la 1 uk. 3, laendelea uk. 7. Kazi hii huchukua dakika moja au mbili, na huwafaa wote watakaofuata.

Tuuangalie mshale wenyewe. Wengi wetu huchukulia kwamba mshale una maana moja, kumbe una mbili. Kuna mshale wa mtu aliyeishiwa na nafasi: unatoka kwenye matini kwenda pambizoni, ukisema "endelea kusoma kule." Kuna pia mshale wa mtu aliyekumbuka hoja baadaye: unatoka pambizoni kuingia kwenye matini, ukisema "lete hili hapa." Kichwa cha mshale si ushahidi wa kutegemewa, kwa kuwa wanafunzi hukichora upande wowote. Ushahidi uko katika sentensi inayotangulia. Ikiwa imekatika kabla ya kutimia, huo ni mwendelezo, na maneno ya pambizoni ni sehemu ya hoja ileile. Ikiwa imetimia na kuwekewa nukta, basi hiyo ni nyongeza, na huenda ikawa hoja mpya inayostahili alama yake.

Waandishi wa miswada ya Kiarabu walilijua tatizo hili zamani. Neno lililosahauliwa liliandikwa pambizoni, alama ndogo ikawekwa mahali pake kwenye mstari, na mwisho wa nyongeza likatiwa neno "sahha", kuonyesha kwamba hayo ni matini halisi wala si maelezo ya msomaji. Mtahiniwa wetu hana desturi kama hiyo. Ana mshale tu.

Sasa tuchukue mfano mmoja. Swali la 1 ni la ushairi. Kipengele cha (c) kinasema: eleza umbo la shairi (alama 4). Cha (e) kinasema: bainisha bahari mbili zilizotumika (alama 4). Chini ya (c) mtahiniwa ameandika kwamba shairi lina beti sita, kwamba kila ubeti una mishororo minne, na kwamba vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Hoja hizo ni tatu. Pambizoni, kwa maandishi yaliyosimama wima, kuna maneno "kila mshororo una vipande viwili", na mshale uliopinda ambao ncha yake inaishia kati ya (c) na (d). Chini ya (e) kuna ukaraguni na maelezo yake. Kisha kurasa nne mbele, katikati ya swali la riwaya, pameandikwa "1 (e) inaendelea: tarbia, mishororo minne."

Maneno ya pambizoni ni ya kipengele kipi? Ukitazama maudhui pekee hutaweza kuamua. Vipande viwili ni sifa ya umbo, lakini pia ndivyo vinavyoifanya bahari ya mathnawi. Msahihishaji anayesoma hadi ukurasa huo tu ataona (e) ina bahari moja, naye kwa huruma atavipeleka vipande viwili huko, ampe alama ya maelezo ingawa bahari haikutajwa. Anayeifahamu ramani ya karatasi nzima ataona kwamba (e) imekamilika tayari: ukaraguni na tarbia, kila moja kwa jina na maelezo. Isitoshe, sentensi ya pambizoni imejengwa kwa mtindo wa zile za (c), "kila ubeti una", "kila mshororo una", na sentensi ya mwisho ya (c) imetimia. Hii ni nyongeza ya hoja ya nne. Mtahiniwa anapata 4 kwa 4 katika (c), na 4 kwa 4 katika (e).

Lau angaliandika pambizoni "mathnawi, vipande viwili", mambo yangalibadilika. Angekuwa na bahari tatu pale zilipotakiwa mbili, na jopo linalosahihisha mbili za kwanza lingelazimika kujiuliza ya kwanza ni ipi. Kwa maoni yangu, mahali hoja ilipo kwenye ukurasa si ushahidi wa wakati ilipoandikwa. Wino na ukubwa wa hati husaidia zaidi: nyongeza ya pambizoni mara nyingi inafanana na maandishi ya kurasa za mwisho.

Limebaki suala la nambari isiyo sahihi. Mtahiniwa akiandika "Swali la 3", ambalo ni la riwaya, kisha akazungumzia wahusika wa tamthilia, wahusika hao wanatosha kuamua. Jibu lisahihishwe kama la tamthilia, nambari irekebishwe kwa wino mwekundu, na alama ziingizwe kwenye kisanduku cha swali hilo. Nambari ikirekebishwa ndani ya karatasi na kuachwa kwenye jedwali la mbele, alama huingia kwenye kisanduku kisicho chake, na mwenzako akikuta kimejaa anaweza kuzifuta.

Fasihi simulizi haina nafuu hiyo. Tuseme (a) inauliza dhima za methali na (b) dhima za vitendawili, alama 10 kila moja. "Huhifadhi utamaduni wa jamii" inafaa pote pawili. Hapa nambari aliyoandika mtahiniwa ndiyo hakimu, isipokuwa ametoa mfano unaoonyesha kwa dhahiri utanzu anaouzungumzia. Ikiwa hakuna nambari, mshale wala mfano, sioni msingi wa kuhamisha hoja kutoka (a), ilikozidi idadi, hadi (b), ilikopungua. Kufanya hivyo ni kumjibia mtahiniwa.

Mwisho wa kusahihisha, kila kipande cha maandishi, pamoja na kila neno la pambizoni, kiwe na alama ya kalamu nyekundu: vema, mkwaju, au mstari wa kuonyesha kimesomwa. Kisha hesabu vema za kila swali na uzilinganishe na jumla iliyoko kwenye kisanduku. Zisipolingana, anza kutafuta pambizoni.